Wasifu wa mstaafu anayeingia bodi ya wadhamini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa katibu wa taasisi ndogo ya hisani kwa miaka 9. Tunaendesha bweni la wasichana wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali na shule, mkoani Iringa. Kila tunapompata mdhamini mpya, mimi ndiye ninayemwomba wasifu wa kuweka kwenye tovuti, kwenye taarifa ya mwaka na kwenye maandiko ya kuomba ufadhili. Wengi wao ni wastaafu, na karibu wote wameniuliza maswali haya. Mifano mingi hapa inatokana na mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye tuliuandika wasifu wake upya mara tatu. Ameniruhusu kueleza. Jina lake silitaji, nitamwita Bi. Fulani.

Nina wasifukazi wangu wa kurasa nne. Kwa nini nisiutume huohuo?

Wasifukazi unamjibu mwajiri anayeuliza kama unafaa kuajiriwa. Unaorodhesha shule, vyeti, vituo vya kazi na tarehe, na mwajiri anakagua kimoja baada ya kingine. Anayefungua ukurasa wa wadhamini hakuajiri. Anajiuliza jambo jingine kabisa: mali ya taasisi hii imekabidhiwa kwa nani, na mtu huyu ataona nini ambacho wenzake hawataona?

Kwa Tanzania swali hilo lina uzito wa kisheria. Wadhamini wakishasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi, bodi yao inakuwa mtu mbele ya sheria. Kiwanja, majengo na akaunti vinashikwa kwa jina la bodi, nayo inaweza kushtaki na kushtakiwa. Kwa hiyo jina la mdhamini kwenye ukurasa ule lina kazi kubwa kuliko kupamba, na msomaji makini anajua hivyo.

Wasifukazi wako utunze. RITA huwa na fomu zake za taarifa za wadhamini, na utauhitaji wakati wa kuzijaza. Usiubandike tu mahali pa wasifu.

Uwe mrefu kiasi gani?

Maneno 100 hadi 150. Kisha andika toleo la sentensi mbili kwa ajili ya maandiko ya ufadhili, ambako wadhamini wote hupewa nusu ukurasa. Nimeona wasifu wa maneno 600 mara nyingi, na kila mara ni mimi niliyeukata. Mtu anayekata maisha ya mwenzake huwa hajui lipi la muhimu, kwa hiyo ni bora ukate mwenyewe.

Miaka 34 ya kazi nianzie wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Rasimu ya kwanza ya Bi. Fulani ilikuwa hivi:

"Bi. Fulani alizaliwa mwaka 1962. Alisoma shule ya msingi na sekondari, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi. Aliajiriwa mwaka 1988. Alipanda vyeo hadi kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi na baadaye muuguzi mfawidhi wa hospitali. Alihudhuria semina mbalimbali ndani na nje ya nchi. Alipunguza upotevu wa dawa kwa asilimia 60. Alistaafu kwa heshima mwaka 2022. Ni mchapakazi, mwadilifu, mcha Mungu na anapenda watu wa rika zote. Ana watoto wanne na wajukuu saba."

Hakuna uongo humo, isipokuwa sentensi moja nitakayoirudia. Tatizo ni kwamba ukimaliza kuusoma hujui kwa nini bodi ya bweni la wasichana ilimtaka muuguzi. Unaweza kudhani tulimchagua kwa kuwa ni mtu mwema.

Nilimwomba aweke vyeo pembeni anisimulie usiku mmoja wa zamu. Nikamuuliza swali ambalo sasa huwauliza wote: ni kitu gani kingeharibika kama wewe usingekuwa makini? Cheo kinaeleza ulikaa kiti gani. Swali hili linatoa maamuzi uliyoyabeba, na maamuzi ndiyo unayoweza kwenda nayo kwenye bodi.

Jambo la kwanza alilosema ni kitabu cha dawa zinazodhibitiwa, kama pethidini na mofini. Kichupa kikitolewa, huandikwa jina la mgonjwa, kiasi na saa, na wauguzi wawili wanatia saini. Zamu inapobadilishana, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja vilivyobaki kabatini na kulinganisha na bakaa ya kitabuni. Vikipishana, anayetoka haondoki. Alilieleza hili kama jambo la kawaida kabisa, kwa sababu amelifanya maelfu ya mara.

Nikamwambia kwamba stoo yetu ya chakula inahudumia wasichana 80. Mahindi, maharage, mafuta na sukari viko mikononi mwa mtu mmoja, naye akienda likizo anaacha ufunguo kwa mpishi bila kuhesabu chochote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, katibu, mafuta yakipungua mnamuuliza nani?" Hiyo ndiyo sababu ya kumtaka kwenye bodi, na haikuwamo kwenye rasimu yake.

Jambo la pili lilikuwa malalamiko. Mama mmoja aliyejifungua alilalamika kwamba alitukanwa na muuguzi. Bi. Fulani alieleza hatua alizochukua: alimsikiliza yule mama peke yake, akaandika maneno yake kama alivyoyasema, akamsikiliza muuguzi kwa wakati wake, akapeleka maandishi ngazi ya juu, na siku hiyohiyo akabadilisha mpangilio wa zamu ili mama yule asihudumiwe tena na aliyemlalamikia. Sisi tuna wasichana wa miaka 14 hadi 19 wanaolala mbali na wazazi wao. Msichana akija na neno kuhusu mlinzi au mwalimu, hatua hizohizo ndizo zinazotakiwa, na ile ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

La tatu lilikuwa kupanga zamu za wauguzi 41, pamoja na kuziba pengo pale watatu wanapougua wiki moja. Zuri, lakini tuliliacha. Sisi tuna wafanyakazi 6, na meneja wetu hupanga ratiba yao bila shida. Uwezo ambao taasisi haina pa kuutumia hauingii kwenye wasifu huu, hata kama wewe ndio unaouonea fahari zaidi.

Ukitaka kufanya zoezi hili peke yako, chukua karatasi. Andika usiku au siku tatu za kazi unazozikumbuka vizuri. Chini ya kila moja andika uliamua nini na nani angeumia ungekosea. Kisha iombe taasisi katiba yake, taarifa ya mwaka uliopita na muhtasari wa kikao cha mwisho cha bodi, utafute mahali ambapo tatizo la namna hiyohiyo limetajwa. Yanapokutana, hapo una sentensi ya wasifu. Yasipokutana, usilazimishe.

Kwa nini rasimu yangu inasomeka kama wasifu wa marehemu?

Bi. Fulani mwenyewe ndiye aliyelisema hili baada ya mwanawe kumsomea rasimu kwa sauti, na alihuzunika kweli. Sababu ni ya kilugha. Katika jamii zetu neno wasifu tunalisikia zaidi msibani, na mpangilio wake tunaujua kwa moyo: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa au aliolewa, aliugua, ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Mstaafu anayeandika maisha yake kwa mfululizo huohuo, kwa kiambishi kilekile cha -li-, na kumalizia na idadi ya wajukuu, anamkumbusha msomaji kaburi bila kukusudia.

Tiba yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Anza na wakati uliopo: "ni mdhamini", "anafuatilia", "anaishi". Miaka ya kazi ipe -me-: "amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34", kwa kuwa ujuzi huo bado unao. Kiambishi cha -li- kiache kwa mambo mawili au matatu yaliyokwisha kweli. Mwaka wa kuzaliwa na orodha ya shule viondoe. Watoto na wajukuu viondoe pia, isipokuwa vina uhusiano na kazi ya taasisi.

Neno "mstaafu" liwepo au lifichwe?

Liwepo, mara moja, mwanzoni. "Muuguzi mkunga mstaafu" linampa msomaji habari mbili kwa mpigo: una taaluma gani, na huna mwajiri wa kukubana. Kwetu ustaafu ni heshima, na haina haja ya kuuzunguka. Ila sentensi ya "alistaafu kwa heshima" iache. Inamfanya msomaji ajiulize kwa nini imebidi isemwe.

Naweza kuweka takwimu za mafanikio yangu?

Ndiyo, zile unazoweza kuzionyesha. Ile asilimia 60 ya kupunguza upotevu wa dawa nilimwuliza Bi. Fulani imetoka wapi. Akasema ni makadirio yake, kwamba dawa zilizokuwa zinaisha muda kabatini zilipungua sana baada ya yeye kuanzisha kuhesabu kila mwisho wa mwezi na kuzipanga zile zinazokaribia kuisha muda ziwe mbele. Kumbukumbu zilibaki hospitalini, na hakuna aliyewahi kupiga hesabu ya asilimia.

Tukaitoa. Badala yake tukaeleza alichofanya, bila namba. Watu wengi hudhani sentensi isiyo na asilimia ni dhaifu, lakini fikiria msomaji wako ni ofisa wa mfuko wa ufadhili ambaye kazi yake ni kutilia shaka asilimia. Akiuliza kidogo tu, utakuwa umeanza udhamini wako kwa kueleza namba usiyoweza kuithibitisha. Akiuliza jinsi dawa zinavyohesabiwa mwisho wa mwezi, utamjibu kwa nusu saa.

Namba za kuhesabika hazina tatizo: miaka 34, wauguzi 41, miaka 11 ya ufawidhi. Hizo zipo kwenye barua za uteuzi.

Niseme nitafanya nini kwenye bodi?

Sema utafuatilia nini, kwa lugha ya bodi. Hapa wastaafu waliozoea kushika kazi kwa mikono yao hupotea njia, na kosa huonekana kwenye vitenzi. Rasimu ya pili ya Bi. Fulani ilisema "atasimamia stoo na atashughulikia malalamiko ya wanafunzi". Meneja wetu aliisoma akaja kuniuliza kwa upole kama kazi yake imegawanywa.

Mdhamini hashiki ufunguo wa stoo. Anahakikisha upo utaratibu wa kuhesabu, anasoma taarifa, anauliza tofauti imetoka wapi, na anarudi kuuliza tena kikao kinachofuata. Malalamiko ya msichana yanapokelewa na mtu aliyeteuliwa bwenini, na bodi inahakikisha mtu huyo yupo, anafahamika na wasichana, na hawezi kunyamazishwa. Kwa hiyo vitenzi vyako viwe "anafuatilia", "anahoji", "anapitia", "anashauri". Ukiona umeandika "ataendesha", "atasimamia kila siku" au "atapanga", rudi nyuma, kwa sababu umeandika wasifu wa meneja.

Jingine la kuepuka ni ahadi ya wafadhili. "Ataiunganisha taasisi na wafadhili wa ndani na nje" ni sentensi ninayoikuta kwa karibu kila aliyewahi kuwa mkuu wa idara. Bodi itaikumbuka, na baada ya mwaka mmoja itauliza wako wapi.

Sijui mambo ya fedha. Nifiche?

Huna haja ya kuficha wala kutangaza. Bodi ina watu kadhaa, na ukurasa mzima ndio unaosomwa. Kama mwenzako ni mhasibu, wewe usijinyooshe kufika alipo yeye. Bi. Fulani alitaka kuandika "ana uzoefu wa bajeti" kwa kuwa alikuwa akipeleka mahitaji ya wodi kila mwaka. Kupeleka mahitaji si kusimamia bajeti, na yeye mwenyewe alikubali mara moja nilipomwuliza kama aliwahi kuamua kifungu kipi kipunguzwe.

Jua tu kwamba wajibu hauko hivyo. Huandiki kwamba unajua fedha, lakini hesabu za mwaka zitakapoletwa mezani utazipitisha pamoja na wenzako, na "mimi ni muuguzi" haitakuwa kinga. Nilimwomba mweka hazina wetu akae naye saa mbili kabla ya kikao chake cha kwanza, wakapitia hesabu za mwaka uliotangulia mstari kwa mstari. Hilo halimo kwenye wasifu wake, ila lilimsaidia kuliko sentensi yoyote.

Ndugu yangu anafanya biashara na taasisi. Niandike?

Hili lilitokea kweli. Mdogo wake wa kiume Bi. Fulani ni mmoja wa watu wawili wanaotuuzia maharage. Hakuficha, alilisema siku ya kwanza tulipomfuata nyumbani kwake.

Mahali pa jambo hilo ni daftari la maslahi, ambalo kila mdhamini hujaza anapoingia na kila mwaka. Humo tuliandika uhusiano, aina ya biashara na tarehe, na kwenye muhtasari wa kikao ikaandikwa kwamba zabuni ya maharage ikijadiliwa yeye hutoka nje. Kwenye wasifu wa tovuti hakuna sababu ya kulitaja, kwa kuwa litamweka ndugu yake hadharani bila faida kwa msomaji.

Lakini angalia upande wa pili. Wasifu usiseme jambo linalopingana na daftari. Rasimu yake ilikuwa na maneno "hana maslahi yoyote na taasisi zaidi ya kujitolea". Kwa mtu mwingine ingekuwa sentensi ya kawaida. Kwake ingekuwa taarifa ya uongo iliyochapishwa, na mtu wa kijijini anayejua maharage yanatoka kwa nani angeiona kabla yetu. Tuliifuta.

Nyadhifa zako nyingine, kama ujumbe wa kamati ya kata, uongozi wa chama cha akiba na mikopo au baraza la msikiti au kanisa, hizo zitaje. Zinamsaidia msomaji kujua una majukumu gani mengine, na mara nyingine ndizo zinazoonyesha watu wa eneo lako wanakuamini.

Vyeo na majina ya heshima vikae vipi?

Tumia kile ambacho watu wa taaluma yako wanakitambua, kwa ukamilifu wake. Nchini kwetu wauguzi huitwa Sista, na Bi. Fulani ameitwa hivyo miaka yote. Kwenye karatasi msomaji wa mbali ataelewa mtawa, hasa taasisi ikiwa na uhusiano na kanisa. "Muuguzi mkunga" haliachi shaka. "Dkt." liwe kwa mwenye shahada ya uzamivu au daktari wa tiba, si kwa kila aliyevaa koti jeupe. Bodi moja niliyoifahamu ililazimika kuchapa upya taarifa yake ya mwaka kwa sababu ya herufi hizo tatu.

Nimtaje mwajiri wangu wa zamani?

Unaweza kutaja aina ya kituo, kama "hospitali ya wilaya", na hilo hutosha. Ukitaja jina, hakikisha sentensi haimwonyeshi mwajiri kwa ubaya. "Alikuta stoo imeoza akainyoosha" inakusifu wewe na kuwashtaki watu wasiokuwapo kujitetea.

Kwa wauguzi, walimu, wanasheria na maofisa ustawi wa jamii kuna kizuizi kikubwa zaidi, nacho ni siri za waliowahudumia. Kisa cha mama aliyelalamika nimekieleza hapa bila mahali wala mwaka. Kwenye wasifu wenyewe hakimo kabisa. Kilichobaki humo ni ujuzi uliotokana nacho.

Taarifa gani zisiwekwe hadharani?

Namba ya NIDA, tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya simu ya mkononi, anwani ya nyumbani, na namba ya leseni au ya pensheni. Taasisi inaweza kuzihitaji kwa usajili, lakini hukaa kwenye faili lililofungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaibana taasisi kwa jinsi inavyokusanya na kutumia taarifa hizi, kwa hiyo una haki ya kuuliza zinakwenda wapi. Mstaafu aliyepokea mafao yake ni mtu anayetafutwa sana na matapeli wa simu. Wasifu wenye mwaka wa kustaafu, namba ya simu na jina la mtaa unawarahisishia kazi. Ndiyo maana hata mwaka 2022 tuliutoa, tukabakiza idadi ya miaka ya kazi.

Naomba kuuona wasifu uliokamilika.

Huu ndio tuliouweka kwenye tovuti yetu mwaka wake wa kwanza, bila jina:

"Bi. Fulani ni muuguzi mkunga mstaafu na mdhamini wa kujitolea wa taasisi yetu. Amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34 katika hospitali za wilaya, 11 ya mwisho akiwa muuguzi mfawidhi aliyeongoza wauguzi 41.

Katika bodi anafuatilia zaidi usalama wa wasichana wanaoishi bwenini. Amepokea malalamiko ya wagonjwa kwa miaka mingi, na anajua namna ya kumsikiliza mlalamikaji kwa faragha, kuandika alichosema na kumlinda asilipiziwe. Anafuatilia pia utunzaji wa mali. Kazini alisimamia dawa zinazodhibitiwa, ambazo huhesabiwa na watu wawili kila zamu inapobadilishana, na anahoji kama vitu vya taasisi vina utaratibu wa makabidhiano unaoaminika.

Anaishi mkoani Iringa, ni mjumbe wa kamati ya afya ya kata yake, na huzungumza na wazazi wa wasichana wetu kwa Kihehe na Kiswahili."

Kihehe tulikiongeza mwishoni kabisa. Yeye alikiona ni jambo la nyumbani tu. Lakini baadhi ya bibi wanaowalea wasichana wetu hukaa kimya kwenye vikao vya wazazi vinavyoendeshwa kwa Kiswahili, na hatukuwa na mdhamini hata mmoja anayeweza kukaa nao pembeni akawasikia.

Toleo la sentensi mbili likawa: "Bi. Fulani, muuguzi mkunga mstaafu mwenye miaka 34 ya kazi, anafuatilia usalama wa wasichana na makabidhiano ya mali kwenye bodi. Aliwahi kuongoza wauguzi 41 kama muuguzi mfawidhi wa hospitali ya wilaya."

Mimi si muuguzi. Nilikuwa mwalimu, mhasibu, mhandisi. Njia ni hiyohiyo?

Swali la nini kingeharibika ni lilelile, majibu ndiyo hubadilika. Mhasibu wa halmashauri aliyejibu hoja za ukaguzi kwa miaka mingi aandike hilo waziwazi, kuliko "mtaalamu wa fedha". Anayejua kwa nini hati safi hugeuka hati yenye shaka anajua risiti ipi itatafutwa miaka miwili ijayo. Mhandisi wa maji aliyepokea miradi kutoka kwa makandarasi anajua kukataa kusaini jengo ambalo halijakamilika, na taasisi inayojenga bweni la pili itamhitaji siku hiyo. Mwalimu mkuu ana hatari ya pekee, maana anafahamika kwa wema kiasi kwamba wasifu wake hujaa sifa za tabia. Yeye atafute maamuzi magumu, kwa mfano fedha za wazazi zilivyokusanywa na kutolewa taarifa, au mwalimu aliyelazimika kumwondoa karibu na wanafunzi.

Niseme kwamba silipwi?

Neno "wa kujitolea" linatosha. Kama bodi inarudisha nauli ya kikao, usiandike "halipwi chochote". Nauli hiyo itaonekana kwenye hesabu, na mtu ataweka karatasi mbili pamoja.

Wasifu ubadilishwe lini?

Sisi huupitia mara moja kwa mwaka, siku ileile ya kujaza daftari la maslahi, ili vitu viwili hivi visipishane. Sentensi inayobadilika zaidi ni ile ya kazi yako kwenye bodi. Mwaka wa pili Bi. Fulani aliomba tubadilishe maneno ya "anahoji kama vitu vya taasisi vina utaratibu wa makabidhiano", kwa kuwa utaratibu sasa upo: kitabu cha stoo kina saini mbili, na mtunza stoo akienda likizo, yeye na mpishi wanahesabu magunia pamoja kabla ya ufunguo kubadilisha mikono. Kipindi chako kikiisha, dai jina lako liondolewe kwenye tovuti, na uhakikishe katibu amepeleka RITA taarifa ya mabadiliko ya wadhamini.